UZI: Miaka minne hanga la Mwanza, logibuku imejaa, maombi ya leseni yamerudi. Kosa liko wapi?

#1 Nyegezi_Kona

Wakuu, habari za jioni. Mimi natunza kumbukumbu za ndege, si injinia, kwa hiyo mnivumilie nikikosea neno. Kuna kijana fundi hapa kwetu, kazi zake zote ni kwenye Sesna Karavani. Alianza Machi 2021, akaomba leseni ya injinia wa matengenezo baada ya kutimiza Februari 2025, yaani miezi 48 kamili. Aliomba bodi ya ndege na injini kwa pamoja. Maombi yamerudi na sentensi moja: uzoefu ulioandikwa haujitoshelezi.

Nimeihesabu logibuku yake mstari kwa mstari. Ina mistari 386. Matairi na breki 141. Kujaza mafuta, oili na hewa 96. "Kusaidia ukaguzi wa saa 100" 74. Injini 29, propela 12, mifumo ya usukani wa ndege 3. Iliyobaki 31 ni milango, viti na taa. Yote imesainiwa na msimamizi mmoja.

Kijana anasema sheria inataka miaka minne na yeye anayo. Nani yuko sahihi?

#2 Dagaa_Mkavu

Miaka minne ni minne tu. Wamemwonea. Akate rufaa.

#3 Kebo_na_Puli

Dagaa, tulia kwanza. Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la anga la kimataifa, kinasema miaka minne ya kukagua, kuhudumia na kutengeneza ndege au vifaa vyake, kwa mtu anayetaka haki juu ya ndege nzima. Ukiwa umemaliza kozi iliyoidhinishwa, inashuka hadi miwili. Nchi zetu zimejenga kanuni zao juu ya hapo. Ila hiyo miaka si muda wa kuwa na kitambulisho cha geti. Ni muda wa kazi inayohusiana na kile unachoombea. Kijana ameomba injini, na kwenye injini ana mistari 29 kwa miaka minne. Hiyo ni kama kazi moja kila baada ya wiki saba. Mkaguzi akiona hivyo haangalii tena kalenda.

Dada Nyegezi, tuwekee hiyo mistari 29 inasemaje. Hapo ndipo jibu lilipo.

#4 Sangara_wa_Kirumba

Jamani mimi naona kachanganya herufi. Aliomba "A na C", sivyo? Kwa mfumo wa Ulaya, A ni fundi wa kazi ndogondogo na C ni bosi anayeachia ndege nzima baada ya ukaguzi mkubwa. Sasa kijana wa miaka minne anaombaje C? Lazima irudi.

#5 Nyegezi_Kona

Ni kweli kwenye barua yake ya maombi kaandika "A na C". Lakini msimamizi wake ndiye aliyemwambia aandike hivyo.

#6 Mzee_wa_Hanga_Namba_Mbili

Sangara uko nusu sahihi, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayowapoteza vijana wengi. Kuna alfabeti mbili zinazotumia herufi zilezile. Ile ya kale ya Kiingereza, ambayo Afrika Mashariki tuliirithi, A ilikuwa bodi, C injini, X umeme na vyombo, R redio. Msimamizi wake bila shaka ni wa zama hizo, na kwake "A na C" ni bodi na injini basi.

Ile ya Ulaya ni kitu kingine kabisa. A huko ni fundi wa laini mwenye kazi chache alizofundishwa na kampuni, na anasaini kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe tu. B1 ni bodi na injini pamoja, B2 ni umeme na avioniki, C ndiyo hiyo ya ndege nzima baada ya matengenezo makubwa. B1 nayo inagawanyika: B1.1 ndege za tabaini, B1.2 ndege za pistoni, B1.3 helikopta za tabaini, B1.4 helikopta za pistoni. Karavani ina tabaini ya PT6A, kwa hiyo ingekuwa B1.1, ijapokuwa ni ndege ndogo yenye injini moja.

Ushauri: kwenye barua asiandike herufi peke yake. Aandike kwa maneno, "bodi ya ndege na injini ya tabaini". Lakini sidhani kama herufi ndiyo iliyomrudisha. Wangemwambia arekebishe fomu, wasingetaja uzoefu.

#7 Igombe_Pwani

Ninavyojua, Marekani hakuna taipu, yaani aina ya ndege kuandikwa kwenye leseni, wala nini. Ukipata leseni yao ya bodi na injini, miezi 30 tu ya uzoefu, unasaini kuanzia Sesna 150 hadi ndege kubwa. Sisi tunajitesa bure na makaratasi.

#8 Kebo_na_Puli

Miezi 30 ni kweli kwa vyote viwili, na 18 kwa kimoja. Na ni kweli leseni yao haina taipu juu yake. Ila usiishie hapo. Kanuni zao zinasema huwezi kuidhinisha ndege irudi kazini kwa kazi ambayo hujawahi kuifanya vizuri kabla. Kama hujawahi, uifanye chini ya mtu anayeijua. Na matengenezo makubwa ya muundo wa ndege yanahitaji mwenye idhini ya ukaguzi juu ya leseni ile. Mlango wameuhamisha tu, hawakuuondoa.

#9 Nyegezi_Kona

Kebo, nimerudi na logibuku. Mistari ya injini ni ya namna hii, nanukuu ilivyo:

"12/5/2022. Kusafisha nozeli za mafuta. Saini."

"30/8/2022. Kuosha kompresa, injini ilizungushwa dakika 2. Saini."

"9/2/2024. Kusaidia ukaguzi wa injini. Saini."

Yote 29 ni hivyo hivyo. Hakuna usajili wa ndege, hakuna namba ya kadi ya kazi.

#10 Kebo_na_Puli

Haya, sasa tunaongea. Huo mstari wa kompresa peke yake unaweza kumrudisha mtu nyumbani.

Karavani ikizungushwa kwa betri, stata ina mpaka: sekunde 30 inafanya kazi, 60 inapumzika, 30 tena, 60 tena, 30 ya mwisho, halafu nusu saa ipoe. Ukitumia umeme wa nje mpaka unakuwa mkali zaidi: sekunde 20, mapumziko 120, mara tatu, halafu saa nzima. Sasa "injini ilizungushwa dakika 2" maana yake nini? Ama walichoma stata siku ile, ama kijana alikuwa pembeni ameshika ndoo na hakuwa kwenye kiti akiangalia saa. Aliyefanya kazi kwa mikono yake angeandika mizunguko mingapi na mapumziko kati yake, kwa sababu ndiyo sehemu inayokaa kichwani.

Na nozeli vilevile. PT6 hiyo ina nozeli 14. Mstari unaosema "kusafisha nozeli" hauonyeshi kama alizitoa zote, kama alipima mnyunyizo wake, kama alikagua uvujaji baada ya kurudisha. Mkaguzi hawezi kukisia kwa niaba yako.

#11 Bwiru_Mlimani

Kuhusu kuosha kompresa, pale uwanjani tuko ukingoni mwa ziwa kabisa, kwa hiyo kila jioni ni lazima kuosha kutoa chumvi. Kama kijana ana mistari michache ya kuosha, hiyo nayo inaonyesha hakuwepo kazini. Mkaguzi atakuwa ameona hilo.

#12 Sangara_wa_Kirumba

Chumvi ya wapi tena Bwiru 😂 Ziwa Viktoria ni maji matamu. Tangu lini tunachemsha sato kwa maji ya ziwa tukaacha kuweka chumvi?

#13 Mzee_wa_Hanga_Namba_Mbili

Sangara umenichekesha, lakini ni kweli. Kuosha kwa ajili ya chumvi ni kwa ndege zinazoishi pwani, Zanzibari na Mafia. Huku kwetu kinachoziba kompresa ni vumbi la viwanja vya changarawe, moshi, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu. Hiyo ni osha ya kurudisha nguvu, ya sabuni kisha suuza, na inafanywa kwa kufuata mwenendo wa injini, si kila jioni. Kwa hiyo mistari michache haimwangushi. Mistari mibovu ndiyo inayomwangusha.

#14 Mkono_wa_Grisi

Naomba kuuliza tofauti. Mimi ni fundi pia, sina leseni. Nikibadilisha tairi Bukoba peke yangu, msimamizi yuko Mwanza, anaweza kusaini kesho yake?

#15 Kebo_na_Puli

Hapana mkuu. Wewe unasaini kwamba umefanya. Anayeirudisha ndege kazini ni mwenye leseni yenye aina hiyo ya ndege na idhini ya kampuni, na anaisaini kabla haijaruka. Akisaini kesho yake maana yake imeruka bila hati. Wako wanaotumia idhini maalumu ya kazi ndogo, lakini hiyo inaandikwa, ina jina lako na orodha ya kazi. Simu ya "endelea tu" si idhini.

#16 Nyegezi_Kona

Turudi kwa kijana. Kuna mengine mawili sikuyasema mwanzoni, sikujua kama yana uzito.

La kwanza, kuanzia Juni hadi Desemba 2023 alipelekwa stoo ya vipuri. Hakuna mstari hata mmoja miezi hiyo saba.

La pili, nimeangalia nakala ya leseni ya msimamizi wake. Karavani iliingizwa kwenye leseni yake Agosti 2022. Kabla ya hapo alikuwa na aina nyingine za ndege.

#17 Dagaa_Mkavu

Aah. Nafuta rufaa yangu.

#18 Mzee_wa_Hanga_Namba_Mbili

Dada, hayo ndiyo ungeanza nayo. Tupige hesabu.

Kalenda inasema miezi 48. Toa saba ya stoo, inabaki 41. Sasa Machi 2021 hadi Julai 2022 ni miezi 17 ambayo aliyesaini hakuwa na Karavani kwenye leseni. Mkaguzi akikataa saini zile, inabaki miezi 24. Nusu kamili.

Kama kijana angekuwa amemaliza kozi iliyoidhinishwa, hiyo 24 ingemfikisha mlangoni. Alisoma wapi?

#19 Nyegezi_Kona

Ana stashahada ya uhandisi mitambo, chuo cha ufundi cha kawaida. Si ya ndege.

#20 Igombe_Pwani

Basi stashahada inampunguzia hadi miaka miwili. Tatizo limeisha, ana 24.

#21 Kebo_na_Puli

Halijaisha. Kinachopunguza ni kozi ambayo mamlaka ya anga imeiidhinisha kwa ajili ya leseni hiyo, kama ile ya matengenezo ya ndege inayofundishwa NIT. Stashahada ya mitambo ni elimu nzuri, itamsaidia kwenye mitihani, lakini haimpi ule mkato. Hata Ulaya wanatenganisha hivyo: kwa B1.1 mtu asiye na mafunzo yoyote ya ufundi husika anatakiwa miaka mitano, mwenye ufundi unaokubalika mitatu, na aliyemaliza kozi ya chuo kilichoidhinishwa miwili. Ngazi tatu, na si wewe unayejiweka kwenye ngazi.

#22 Bwiru_Mlimani

Mimi sikubaliani na Mzee kwenye ile miezi 17. Kijana alifanya kazi au hakufanya? Alifanya. Ndege iliruka. Kuna injinia mwenye Karavani aliyeisaini ndege siku zile, vinginevyo isingeruka. Kosa ni la msimamizi kusaini logibuku, si la kijana. Huwezi kumnyang'anya mtu mwaka na nusu wa jasho kwa kosa la mwingine.

#23 Mzee_wa_Hanga_Namba_Mbili

Jasho halipingwi, Bwiru. Kinachopingwa ni ushahidi. Saini ya logibuku maana yake "nilimwona akifanya, nami najua inavyotakiwa kufanywa". Mtu asiye na aina hiyo ya ndege hawezi kuithibitisha nusu ya pili ya sentensi hiyo.

#24 Bwiru_Mlimani

Basi yule injinia aliyeachia ndege asaini sasa.

#25 Sangara_wa_Kirumba

Asaini leo kazi ya 2021? Hiyo ni kughushi kaka. Leseni yake mwenyewe itakwenda na maji.

#26 Kebo_na_Puli

Inategemea. Akiandika tarehe ya 2021 na kusaini kana kwamba ni siku ile, ni kughushi, hakuna mjadala. Lakini akitoa barua yenye tarehe ya leo, inayosema "kadi ya kazi namba fulani, ndege fulani, ina herufi za jina la fundi huyu kwenye hatua hizi, nami ndiye niliyeirudisha ndege kazini", hiyo ni ushahidi wa kumbukumbu. Mkaguzi anaweza kuukubali au kuukataa. Mimi nimeona yote mawili yakitokea.

Dada Nyegezi, kadi za 2021 mnazo bado?

#27 Nyegezi_Kona

Nyingi zipo kwenye maboksi. Nimefungua boksi moja jana. Kwenye kadi 20 za nusu ya pili ya 2021, herufi za kijana ziko kwenye 6. Lakini nimekuta kitu kingine kimenitia wasiwasi. Logibuku inasema tarehe 19/10/2021 alibadilisha breki Mwanza. Ukurasa wa kumbukumbu za safari unaonyesha ndege hiyo ililala Bukoba usiku wa 18 na ikarudi tarehe 20.

#28 Dagaa_Mkavu

Labda aliogelea nayo.

#29 Mzee_wa_Hanga_Namba_Mbili

Hapo sasa. Hivyo ndivyo mkaguzi anavyoshika. Hachunguzi mistari 386. Anachukua mitano, anaomba kurasa za safari za ndege za siku hizo, anaweka pembeni kwa pembeni. Mmoja ukigoma, anaacha kuamini iliyobaki.

Na sidhani kijana ni mwongo. Nadhani logibuku iliandikwa kwa mkupuo. Dada, angalia wino na mwandiko. Mistari ya mwezi mzima yenye kalamu ileile, mwandiko uleule usiopanda wala kushuka, bila doa la oili hata moja, hiyo imeandikwa mezani Desemba kwa kukumbuka. Tarehe 19 na 21 zinapishana kirahisi kichwani.

#30 Nyegezi_Kona

Ni kweli mzee. Mwaka mzima wa 2021 una kalamu moja ya bluu.

#31 Mkono_wa_Grisi

Jamani naomba mfano wa mstari mzuri. Nami naandika kila mwisho wa mwezi, sasa naogopa.

#32 Kebo_na_Puli

Andika siku hiyohiyo, kabla hujavua ovaroli. Tuchukue kazi moja, kubadilisha kebo ya ailironi ya kushoto, kile kibao cha ukingo wa bawa kinachoilaza ndege upande. Mstari wangu ungesomeka hivi:

"14/11/2022. Ndege 5H-..., Sesna 208B. Kadi namba..., sura ya 27-10. Nilitoa na kufunga kebo ya ailironi kushoto. Nililegeza vikaza kebo, nilivuta kebo mpya kwa kamba iliyofungwa kwenye ya zamani, nilikagua kila puli na pini ya ulinzi, nilipima mkazo kwa joto la hanga nyuzi 27, nilifunga waya wa usalama. Mwendo na mwelekeo vilikaguliwa. Ukaguzi wa pili huru: injinia fulani, leseni namba fulani."

Kisha saini ya msimamizi, jina lake, namba yake ya leseni, tarehe.

Huo mstari hauwezi kuandikwa na mtu aliyekuwa pembeni. Joto limetajwa kwa sababu bodi ya aluminiamu hutanuka kuliko kebo ya chuma, kwa hiyo mkazo wa asubuhi hanga likiwa na ubaridi si mkazo wa saa nane mchana juani. Pini za ulinzi zimetajwa kwa sababu kosa la kawaida ni kebo kupita upande usio wake wa pini. Inasogea vizuri leo, na baada ya miezi inaanza kujikata nyuzi.

#33 Mzee_wa_Hanga_Namba_Mbili

Ongeza kwamba kwenye kikaza kebo hazitakiwi kuonekana nje zaidi ya nyuzi tatu za skurubu kila upande. Na mwelekeo usiandikwe "sawa". Zungusha usukani kulia, ailironi ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Kebo zikipishana, kila kitu kinasogea laini kabisa, ila kinyume. Ukaguzi wa pili unafanywa na mtu ambaye hakushika kazi ile kwa sababu hiyo hasa: aliyefunga ataona kile anachotarajia kuona.

Kijana ana mistari mitatu tu ya sura hiyo, 27, yaani mifumo ya usukani wa ndege. Kwa mtu anayeombea bodi, mimi hiyo tu ingenitosha kumrudisha, hata miezi yote 48 ikikubaliwa. Mistari 141 ya matairi ni mstari mmoja ulioandikwa mara 141.

#34 Igombe_Pwani

Hapo ndipo sikubaliani. Karavani hazikatiki kebo kila wiki. Kijana atafanyaje kazi ambayo haijatokea? Hanga dogo lina ndege chache. Mnataka avunje kebo ili apate mstari?

#35 Mzee_wa_Hanga_Namba_Mbili

Swali halali hilo, sina jibu zuri. Kwenye ukaguzi mkubwa kebo zote zinapimwa mkazo na kukaguliwa puli kwa puli hata kama hazibadilishwi. Hizo ni kazi, ziandikwe kama kazi, si "kusaidia ukaguzi wa saa 100". Kwenye ile mistari 74 ya "kusaidia" huenda ndimo sura ya 27 ilimojificha. Kadi zitasema.

#36 Mkono_wa_Grisi

Na akishapata leseni, Karavani inaingia yenyewe au anaomba tena?

#37 Kebo_na_Puli

Haiingii yenyewe. Ni vitu vitatu tofauti na watu huvichanganya kila siku. Leseni inasema wewe ni injinia wa bodi na injini. Taipu inasema unajua ndege hii. Idhini ya kampuni inasema hanga hili linakuruhusu kusaini kwa jina lake. Ukikosa kimoja, kalamu irudi mfukoni. Ukihamia hanga la jirani, leseni na taipu unaondoka navyo, ile ya tatu unaiacha mlangoni.

Ulaya wanaiweka Karavani kwenye kundi la ndege za propela zenye tabaini moja. Kundi hilo taipu inaweza kupatikana kwa mtihani wa ndege yenyewe pamoja na uzoefu wa vitendo ulioandikwa. ATR, ndege ya abiria yenye tabaini mbili, ni kundi jingine, huko ni kozi ya taipu, nadharia na vitendo, na kwa taipu ya kwanza kabisa unaongeza mafunzo kazini chini ya msimamizi. Ndiyo maana injinia wa Karavani wa miaka kumi hawezi kuusogelea ukurasa wa ATR iliyotua hapo nje, hata kama ni balbu ya taa ya kusomea.

#38 Bwiru_Mlimani

Balbu hata rubani anabadilisha.

#39 Kebo_na_Puli

Abadilishe. Ukurasa je, atasaini nani?

#40 Sangara_wa_Kirumba

Kuna jambo linanisumbua. Huyo msimamizi. Ukiwa na leseni unatakiwa uwe na miezi sita ya kazi ndani ya miezi 24 iliyopita ndipo utumie haki zako. Kama alikuwa ofisini akisaini logibuku za watu tu, je, hata baada ya Agosti 2022 saini zake zinasimama?

#41 Kebo_na_Puli

Swali zuri na hatuwezi kulijibu tukiwa hapa. Kanuni ya miezi sita ndani ya 24 ni kweli, iko kwenye Kiambatisho cha 1. Ulaya wanakubali siku 100 badala ya miezi sita, mradi ziwe za kazi inayolingana na haki za leseni. Lakini kusimamia nako ni kazi, ikiwa kumeandikwa. Dada Nyegezi, jina lake limo kwenye hati za kurudisha ndege kazini za 2023 na 2024?

#42 Nyegezi_Kona

Limo, ila si mara nyingi. Nitahesabu.

Kwa sasa tumekubaliana hivi na kijana. Maombi hayapelekwi tena kwanza. Mimi nafungua maboksi yote kuanzia Machi 2021 na kutoa kila kadi yenye herufi zake, naziweka kwa sura na kwa tarehe. Mistari isiyolingana na kumbukumbu za safari tunaipiga mstari mmoja wa wino na kuandika sababu, hatufuti wala kubandika. Amehamishwa kwenye zamu ya ukaguzi mkubwa wa Karavani unaoanza Jumatatu, na ana daftari dogo la mfukoni.

#43 Bwiru_Mlimani

Na ile miezi 17?

#44 Nyegezi_Kona

Injinia aliyekuwa anaachia ndege wakati ule yuko Dar siku hizi. Amesema atume barua, kisha akasema ngoja aulize kwanza.

#45 Mzee_wa_Hanga_Namba_Mbili

Amefanya vizuri kuuliza. Dada, kwenye hizo kadi angalia pia kama kuna herufi za jina zilizoongezwa kwa kalamu ya rangi tofauti. Kama zipo, zitenge pembeni usizihesabu.

#46 Nyegezi_Kona

Ziko mbili. Bluu juu ya nyeusi.

#47 Dagaa_Mkavu

Kalamu ile ile ya 2021?